Fedha, Bei na Kitenzi "Kusababisha"

Mwaka 1969 mwanauchumi Mwingereza Clive Granger alichapisha makala yaliyoleta jaribio ambalo hadi leo hutumiwa na wachunguzi wa uchumi. Swali lake lilikuwa hili: ikiwa tayari twajua jinsi mfululizo mmoja wa takwimu ulivyokwenda hadi mwezi uliopita, je, kuujua pia mfululizo wa pili kutatusaidia kuubashiri ule wa kwanza kwa usahihi zaidi? Kama ndivyo, Granger alisema kuwa wa pili "unausababisha" wa kwanza. Kitenzi hicho kikitafsiriwa bila tahadhari humpotosha msomaji.

Mwaka 1980 Christopher Sims wa Marekani alipendekeza mfumo wa milinganyo inayojirejelea, ambamo kila kipimo huelezwa kwa thamani zake zilizopita pamoja na zile za vipimo vingine. Kwetu vipimo vinavyotuhusu ni ujazi wa fedha na mfumuko wa bei. Katika sehemu kubwa ya miaka ya 1980 bei nchini Tanzania zilipanda kwa kadiri ya asilimia 30 kwa mwaka. Na tangu katikati ya miaka ya 1990 hadi Januari 2024, Benki Kuu iliongoza sera yake kwa kudhibiti kiasi cha fedha. Kwa hiyo maana ya "kusababisha" si suala la wanazuoni tu.

Jaribio lenyewe hufanywa hivi. Mlinganyo wa kwanza hueleza mfumuko wa mwezi huu kwa mfumuko wa miezi, tuseme, 12 iliyotangulia. Wa pili huongeza ukuaji wa fedha wa miezi hiyo hiyo. Iwapo makosa ya ubashiri yatapungua kwa kiasi kisichoweza kudhaniwa kuwa ni bahati tu, fedha husemwa kuwa zinasababisha bei kwa maana ya Granger.

Sasa tutazame Kikwe, katika nyanda zilizo chini ya Mlima Meru. Mahindi ya masika huvunwa katikati ya mwaka. Wanunuzi wanapofika, noti huongezeka mikononi mwa watu. Miezi kadhaa baadaye akiba hupungua ghalani, na bei ya debe hupanda. Hali kama hiyo ikienea nchini, mchunguzi asiyezingatia majira ataona fedha zikitangulia bei, naye ataandika kuwa zimeisababisha. Kumbe zote mbili zimefuata kalenda ya shamba. Namna ya kugundua kosa ni kuingiza katika milinganyo yote miwili alama ya kila mwezi pamoja na mvua au mavuno. Msaada wa fedha katika ubashiri ukitoweka, basi ulikuwa wa majira.

Hatari hiyo si ya kufikirika. Mfumuko wa bei nchini ulipofikia asilimia 19.8 Desemba 2011, vyakula na nishati vilichangia pakubwa, na chakula peke yake kilikuwa karibu nusu ya kapu la bidhaa zinazopimwa. Mfumo wenye fedha na bei tu hauna mahali pa kuuweka ukame.

Istilahi ya pili ni "mwitikio wa mshtuko". Huu ni mchoro unaoonyesha jinsi mfumuko unavyokwenda, mwezi baada ya mwezi, fedha zinapoongezeka ghafla mara moja. Hapa yapo mambo mawili ya kuangaliwa. Kwanza, mchunguzi mara nyingi huamua mwenyewe ni kipimo kipi kitangulie. Akiweka bei mbele ya fedha, amekwisha kuamua kwamba bei haziitikii fedha katika mwezi ule ule. Sifuri ya mwanzo wa mchoro ni sharti lake, wala si matokeo ya takwimu. Yafaa mpangilio ugeuzwe, ionekane kama hadithi inabadilika.

Pili, mstari ukirudi kwenye sifuri, wafasiri wengine huandika kuwa "bei zimerudi zilipokuwa". Hilo ni kosa. Tuseme mshtuko umeongeza mfumuko kwa asilimia 0.3 mwezi wa kwanza, 0.5 wa pili, 0.2 wa tatu, kisha sifuri. Kilichokoma ni kupanda kwa bei. Debe lililouzwa kwa shilingi 20,000 sasa ni takriban shilingi 20,200, nalo litabaki hapo.

Kwa hiyo napendekeza tuandike kwamba fedha "husaidia kubashiri" mfumuko wa bei. Penye haja ya nomino, tuseme "usababishi wa Granger", wala jina lake lisiachwe, maana ndilo linalomwonya msomaji kuwa kilichopimwa ni ubashiri. Na mstari ukifika sifuri, tuandike kuwa "mfumuko umetulia". Mnunuzi wa mahindi anajua tofauti yake.