Tabora itachukua miaka mingapi kuwa na watu mara mbili? Hesabu ya sensa mbili, hatua kwa hatua

Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Manispaa ya Tabora ina watu 226,999. Sensa ya 2022 ikakuta 308,741. Ndani ya miaka kumi wameongezeka watu 81,742, na hapo ndipo wengi wanapoanza kukosea.

Hesabu inayofanywa vijiweni huenda hivi: 81,742 gawanya kwa 226,999, unapata asilimia 36. Gawanya kwa miaka kumi, unapata asilimia 3.6 kwa mwaka. Inaonekana sawa, lakini siyo.

Njia rahisi ya kuipima ni kuirudisha nyuma. Chukua watu 226,999, waongeze kwa asilimia 3.6 kila mwaka kwa miaka kumi. Unafika kwenye watu kama 323,000, yaani zaidi ya 14,000 ambao sensa haikuwaona. Kosa linatokana na kusahau kwamba ongezeko nalo linazaa. Watoto waliozaliwa na wageni waliohamia mwaka 2013 tayari wamo kwenye hesabu ya 2014, na asilimia ya mwaka huo inawahusu na wao. Ni kama riba inayopigwa juu ya riba.

Njia sahihi

Inahitaji vitu vitatu tu: idadi ya sensa ya kwanza (P1), idadi ya sensa ya pili (P2) na miaka iliyo katikati (t). Kanuni yenyewe ni hii:

```
r = ln(P2 / P1) / t
T = ln(2) / r
```

Hapo r ni kasi ya ukuaji kwa mwaka, na T ni miaka ambayo idadi itachukua kuwa maradufu. Kitufe cha ln kimo kwenye kikokotoo cha simu janja. Kwenye simu nyingi kinatokea ukiilaza simu kwa upande.

Kwa Tabora, 308,741 gawanya kwa 226,999 ni 1.3601. Ukibonyeza ln unapata 0.3076. Sasa miaka: siku ya sensa ya 2012 ilikuwa Agosti 26, na ya 2022 ilikuwa Agosti 23. Pungufu ni siku tatu tu, kwa hiyo kumi inatosha. (Sensa ya 1988 na ya 2002 ziliachana miaka 14, na kuna watu hugawa kwa kumi kwa mazoea.) Gawanya 0.3076 kwa 10: kasi ni 0.0308, yaani asilimia 3.1 kwa mwaka.

Muda wa maradufu ni ln ya 2, ambayo ni 0.693, gawanya kwa 0.0308. Jibu ni miaka 22 na nusu. Asiye na kitufe cha ln achukue 70 agawe kwa asilimia: 70 kwa 3.1 inaleta karibu jibu lilelile. Lile kosa la asilimia 3.6 lingesema miaka 19 na kidogo. Tofauti ya miaka mitatu si ndogo kwa anayepanga mabomba ya kusambaza maji ya Ziwa Victoria yaliyofikishwa Tabora, au madarasa ya watoto ambao bado hawajazaliwa.

Miaka 22 siyo ahadi

Jibu hilo lina sharti: kasi ibaki ileile miaka yote. Tabora yenyewe inaonyesha kwamba haibaki. Mwaka 2002 manispaa ilikuwa na watu kidogo zaidi ya 188,000. Ukitumia kanuni hiyohiyo kutoka hapo hadi 2012, kasi inakuwa karibu asilimia 1.9, na muda wa maradufu kama miaka 37. Mtu aliyepanga mji mwaka 2012 kwa kutumia namba hiyo alikuwa amepiga hesabu vizuri kabisa, ila muongo uliofuata ukaenda mbio kuliko alivyotarajia. Muda wa maradufu unaeleza kasi ya kipindi kilichopita. Hautabiri kijacho.

Kuna jingine linaloshangaza. Wengi huamini mjini ndiko kunakojaa haraka. Lakini Mkoa mzima wa Tabora ulitoka watu 2,291,623 mwaka 2012 hadi 3,391,679 mwaka 2022. Hiyo ni asilimia 3.9 kwa mwaka, na kwa kasi hiyo mkoa unakuwa maradufu kwa miaka 18 tu. Tanzania nzima ilikua kwa asilimia 3.2. Kwa hiyo manispaa, pamoja na kasi yake kupanda, imekua taratibu kuliko mkoa wake, na hata chini kidogo ya nchi.

Angalia mpaka kabla ya namba

Kosa baya kuliko yote halimo kwenye kikokotoo. Ukitoka Tabora kuelekea magharibi, kwenye njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji, unapita Urambo. Sensa ya 2002 iliipa Wilaya ya Urambo watu wapatao 370,000. Ile ya 2012 ikaipa kama 193,000. Ukizichomeka namba hizo kwenye kanuni, kasi inakuwa hasi, utadhani nusu ya watu wamehama usiku. Hakuna aliyehama. Wilaya ya Kaliua ilikuwa imemegwa kutoka Urambo, na ikahesabiwa peke yake ikiwa na watu kama 393,000. Ukizijumlisha wilaya hizo mbili unapata 586,000, na eneo lile la 2002 linaonekana lilikuwa likikua kwa asilimia 4.6 kwa mwaka, kasi kubwa sana.

Kwa hiyo ukiona namba imeshuka ghafla au imepaa kupita kiasi, shuku mpaka kwanza. Tafuta kipande kilichomegwa, kijumlishe, ndipo ubonyeze ln.

Hilo linagusa pia kata kama Itetemia, iliyokuwa makao ya watemi wa Unyanyembe na sasa imo ndani ya Manispaa ya Tabora. Manispaa ina kata za katikati ya mji zilizojaa nyumba, na ina kata za pembezoni zenye mashamba. Asilimia 3.1 ni wastani wa zote. Kata ya katikati inaweza kuwa imejaa haina pa kuongezea, huku ya pembezoni viwanja vikipimwa. Anayetaka kujua Itetemia ikoje achukue namba za kata hiyo kwenye ripoti za Ofisi ya Taifa ya Takwimu za sensa zote mbili, ahakikishe haikugawanywa katikati, kisha apige hesabu yake peke yake.

Na akumbuke sensa ya Tanzania inamhesabu mtu pale alipolala usiku wa kuamkia siku ya sensa. Mgeni aliyelala Tabora akisubiri treni ya asubuhi ni wa Tabora. Katika mji wa mamia elfu hilo halisumbui sana, lakini kwenye kata ndogo, shule moja ya bweni ikiwa wazi sensa hii na imefungwa ile nyingine, kasi ya ukuaji inabadilika bila mtu hata mmoja kuhamia.