Kanuni ya Le Chatelier

Kanuni ya Le Chatelier ni kanuni ya kemia inayosema kwamba mfumo uliofikia msawazo, ukibadilishiwa ukolezi, kanieneo au halijoto, huelekea upande unaopunguza athari ya badiliko hilo. Ilitangazwa mwaka 1884 na mkemia Mfaransa Henry Le Chatelier (1850–1936), na katika chemsha bongo za kemia hutumiwa kubashiri ni dutu zipi zitakazoongezeka na zipi zitakazopungua. Msawazo wa kikemia ni hali ambayo mmenyuko wa kwenda na ule wa kurudi huendelea kwa kasi moja, hivyo kiasi cha kila dutu hakibadiliki ingawa molekuli haziachi kugeuka.

Mfano unaofaa kwa maswali hayo ni wa gesi mbili zilizoundwa kwa naitrojeni na oksijeni, zilizofungiwa ndani ya bomba la sindano:

N₂O₄ ⇌ 2NO₂

Gesi ya kushoto haina rangi, na ya kulia ni ya hudhurungi, kwa hiyo mwelekeo wa mmenyuko huonekana kwa macho. Hesabu yake hufanywa kwa uwiano uitwao Q, unaopatikana kwa kugawanya mraba wa ukolezi wa NO₂ kwa ukolezi wa N₂O₄. Katika msawazo uwiano huo hulingana na namba thabiti K, ambayo kwa nyuzi 25 za Selsiasi ni takriban 0.0046, ukolezi ukipimwa kwa moli kwa lita. Q ikiwa ndogo kuliko K mmenyuko huenda kulia, na ikiwa kubwa hurudi kushoto.

Ukolezi. N₂O₄ ikiongezwa bila kubadili ujazo, Q hushuka chini ya K, na sehemu ya gesi iliyoongezwa hugeuka kuwa NO₂ mpaka uwiano urejee. Athari hupunguzwa tu, wala haifutwi, kwani msawazo mpya ukifikiwa N₂O₄ hubaki nyingi kuliko ilivyokuwa kabla ya kuongezwa.

Kanieneo. Bomba likisukumwa hadi ujazo uwe nusu, mmenyuko huelekea kushoto, kwenye moli moja ya gesi badala ya mbili. Tuseme ukolezi wa mwanzo ulikuwa 0.0400 kwa N₂O₄ na 0.0136 kwa NO₂. Mara tu baada ya kusukumwa, ukolezi huo huwa 0.0800 na 0.0272, na Q hufikia 0.0092, yaani maradufu ya K. NO₂ hupungua basi hadi takriban 0.0196, huku N₂O₄ ikipanda hadi 0.0838. Hapa ndipo wengi hukosea kwa kujibu kwamba gesi itakuwa imefifia zaidi kuliko mwanzo, ilhali rangi hukolea ghafla, kisha hufifia kiasi, na mwishowe hubaki imekolea kuliko kabla ya kusukumwa, kwa kuwa 0.0196 bado inazidi 0.0136. Ikiwa moli za gesi ni sawa pande zote mbili, kama katika H₂ + I₂ ⇌ 2HI, kubadili ujazo hakusogezi msawazo.

Halijoto. Badiliko hili hutofautiana na yaliyotangulia kwa sababu hubadili K yenyewe. Kuvunjika kwa moli moja ya N₂O₄ hufyonza joto la takriban kilojuli 57, kwa hiyo kupasha moto huongeza K na kusukuma mmenyuko kulia. Chombo kilichofungwa kikitiwa katika maji ya moto hukolea hudhurungi, na kikitiwa katika barafu hufifia. Kwa mmenyuko unaotoa joto, mambo huwa kinyume. Kichocheo, yaani dutu inayoharakisha mmenyuko bila yenyewe kwisha, huharakisha pande zote mbili kwa kadiri moja, hivyo hufupisha muda wa kufikia msawazo bila kuusogeza.

Mipaka ya kanuni. Kanuni hutaja mwelekeo, lakini haitaji kiasi wala muda, na neno kanieneo huweza kupotosha lisipofafanuliwa. Agoni, gesi isiyoshiriki mmenyuko, ikiingizwa ndani ya chombo chenye ujazo usiobadilika, kanieneo yote hupanda, lakini ukolezi wa N₂O₄ na NO₂ haubadiliki, Q hubaki sawa na K, na msawazo hausogei. Agoni hiyohiyo ikiingizwa huku kanieneo ikiachwa ileile, ujazo hupanuka, gesi zote mbili huzimuka, Q hushuka, na mmenyuko huenda kulia. Kwa sababu hiyo, swali linalosema tu kwamba gesi isiyoshiriki imeongezwa, bila kueleza kama kilichodumishwa ni ujazo au kanieneo, halina jibu moja.