Umeandikiwa "As per my last email"? Shika Simu Vizuri, Soma Hivi Kabla Hujajibu

Kama unapiga kazi kwa ofisi yoyote ya mizigo kuanzia Changamwe hadi Shimanzi, hii laini unaijua. Saa kumi jioni, akili ishaanza kupanda matatu ya kurudi Kisauni, imeili inaingia: "As per my last email..." Moyo unapiga paa. Unaona mdosi ameekwa kwenye kopi. Kidole kishaanza kuandika majibu ya kuwaka.

Tulia hapo. Hayo maneno yanaweza kuwa matusi ya kistaarabu, na yanaweza kuwa tu alama ya kidole inayosema "angalia pale juu". Maneno ni yale yale. Tofauti iko nje ya maneno, na hiyo ndio unafaa kujua kuitafuta.

Kwanza ujue hauko peke yako kukasirika. Mwaka 2018 kampuni ya Adobe iliwauliza wafanyakazi wa ofisi Marekani ni maneno gani ya imeili yanawachoma zaidi. Namba moja ilikuwa "Not sure if you saw my last email", na nyuma yake ikafuata "Per my last email". Kwa hivyo hata wenye lugha yao inawachoma. Lakini kuna utafiti mwingine wa mwaka 2005, wa kina Justin Kruger na Nicholas Epley, ambao kwangu mimi una maana zaidi. Walipa watu kazi ya kutuma sentensi, zingine za ukweli, zingine za kejeli, halafu wenzao wakakisia ni ipi ni ipi. Waliotuma walidhani wataeleweka kama mara 78 kwa 100. Waliosoma kwa imeili walipata mara 56. Ukirusha shilingi hewani unapata 50, kwa hivyo hapo ni kubahatisha tu. Waliosikia sauti walifika 73. Yaani mtu anapoandika anasikia sauti yake kichwani na anadhani na wewe unaisikia. Huisikii. Unayoisikia ni yako, na kama siku imekuwa mbaya, sauti hiyo inakuwa mbaya pia.

Tuchukue kesi moja

Sema uko ofisi ya kupitisha mizigo hapo Changamwe. Jumatatu asubuhi mteja wa Nairobi anatuma imeili yenye invoisi, orodha ya mizigo, na swali moja katikati ya aya ya pili: jina la mpokeaji kwenye BL liko sawa, au lirekebishwe kabla hamjaingiza entri? Wewe una mafaili kumi mezani. Unajibu "Well received, thanks" na unaendelea na maisha.

Jumatano saa kumi na dakika arobaini jioni inakuja hii: "As per my last email, kindly confirm the consignee name today." Mdosi wako yuko kwenye kopi.

Sasa usijibu. Rudi kwa imeili ya Jumatatu uisome kama hujawahi kuiona. Unatafuta kitu kimoja: je, kuna swali ambalo aliuliza na hukulijibu? Hii ndio hatua ambayo wengi wanairuka, na ndio inayoamua karibu kila kitu. Kama swali lipo na uliandika tu "Well received", basi jamaa hajakutusi. Anakuonyesha mahali swali lilipo. Kama swali halipo kabisa, au ulishamjibu Jumanne, basi hapo kuna stori nyingine: labda hakuona jibu lako, labda lilienda kwa anwani tofauti, labda kweli anakutafuta.

Kwenye kesi yetu swali lipo. Cheki sasa saa ya nani inakimbia. Kontena likishuka bandarini lina siku zake chache za bure, zikiisha ada ya stoo inaanza kuhesabu. Kontena lenyewe pia ni la kampuni ya meli, na ukikaa nalo kupita siku mlizokubaliana kuna faini yake, ile watu wa bandari wanaita demareji. Na jina likiwa tofauti kati ya BL na entri, ni lazima wakala wa meli arekebishe manifesti na watu wa forodha wa KRA wakubali. Hayo ni siku, na siku ni pesa. Mteja anapoandika "today" hakasiriki na wewe kama mtu. Anaona bili.

Halafu kuna kopi. Watu wengi wakiona mdosi kwenye kopi wanasoma "nimeshtakiwa". Angalia kama mdosi alikuwepo tangu Jumatatu. Kama alikuwepo, hakuna jipya, hiyo ni tabia ya mteja. Kama ameongezwa leo, basi hiyo kopi ndio ujumbe wenyewe, hata kama maneno yana sukari. Kwa maoni yangu, aliyeongezwa kwenye kopi anakuambia mengi kuliko neno lolote ndani ya imeili.

Mwisho mlinganishe mtu na yeye mwenyewe. Fungua imeili zake nne tano za nyuma. Kuna watu, hasa wale wa maofisi ya zamani, huandika "as per" kila siku, hata wakikuagiza chai. Na "kindly" hapa Kenya ni neno la kawaida la ofisi, halina sumu yake lenyewe. Lakini kama mtu huyu kwa kawaida huandika "Hi, hope uko poa" na leo ameanza moja kwa moja bila salamu, hiyo tofauti ina maana. Joto linapimwa kwa kilichobadilika kwake, kwa sababu kila mtu ana mtindo wake wa kuandika.

Ukishasoma hivyo, jibu linajiandika. Laini ya kwanza iwe ndio jibu la swali, si maelezo: jina kwenye BL linalingana na invoisi, hakuna marekebisho. Laini ya pili iseme ukweli mfupi: swali lilikuwa kwenye imeili ya Jumatatu na halikujibiwa, pole. Ya tatu itoe saa: entri inaingia kesho kabla ya saa sita mchana, namba nitakutumia. Basi. Usiandike "kama nilivyosema nimepokea", kwa sababu hapo unamrudishia "as per" yake na mnaanza mpira wa kurushiana. Wala usijaze pole nane. Pole nyingi mbele ya mdosi zinafanya kosa dogo lionekane ngori kubwa.

Ukitoka kwa imeili ukaingia WhatsApp

Hapa kwetu mambo yanageuka, kwa sababu Kiswahili cha Pwani kina vipimo vyake. Dada wa Likoni akitaka faili anaandika "Assalamu alaikum, naomba unitumie ile faili". Mwenzake aliyekuja kutoka bara anaandika "Nitumie ile faili". Yule wa Likoni anasoma amri, na yule wa bara hakuamuru mtu, ndivyo anavyoomba kwao. Amekosa tu "naomba". Kabla hujamwita mtu mjeuri, jiulize alijifunzia wapi Kiswahili chake.

Chukua pia neno "Haya". Kwa mdomo halina utata, sauti inakuambia yote. Kwa simu linaweza kuwa nimekubali, tuanze, au basi nimechoka na wewe. "Haya" peke yake baada ya maelezo marefu si ishara nzuri. "Haya basi" mara nyingi inafunga mlango. "Haya, nikifika nakwambia" haina neno lolote. Tofauti ni kama kuna kitu kinachofuata. Na nukta? Watafiti wa chuo cha Binghamton kule Marekani waliwaonyesha wanafunzi 126 meseji fupi za kukubali, na zile zilizoishia na nukta zilionekana hazina moyo kama zile zisizo na nukta. Ila usimpime mamako na hilo. Mtu mzima aliyefundishwa shule kwamba sentensi inaisha na nukta ataweka nukta hata akikutakia usiku mwema.

Halafu kuna "Inshallah", na hapa vijana wengi wanapotea. Fundi wa Kisauni akikuambia "Inshallah kesho", hiyo inaweza kuwa ahadi ya dhati ya mtu anayejua kesho si yake, na inaweza kuwa "hapana" iliyovaa kanzu. Kuuliza "ni kweli?" ni kumkosea adabu. Uliza kitu kidogo ambacho lazima kiwe kweli kama kesho ni kweli: "Shukran kaka, nije saa ngapi, na nikuletee kitambaa au unacho?" Aliye na mpango atakupa saa. Asiye na mpango atakupa Inshallah ya pili.

Meseji ukibaki huielewi kabisa, piga simu au omba voisi noti. Ila usifanye hivyo ukiwa umebanwa kwenye feri ya Likoni na kelele zote zile. Subiri ushuke.

Pale ambapo kupiga simu peke yake ni hatari

Kuna aina moja ambayo si hasira wala si kumbukumbu. Ni ushahidi. Ukiona mdosi wako, si mteja, ameanza kuandika "as per my email of" na tarehe kamili, au "for the record", na zinakuja mbili tatu kwa wiki kuhusu jambo lile lile, faili inajengwa. Kesho hizo imeili zitabandikwa nyuma ya barua ya kukutaka ujieleze.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inasema mwajiri kabla hajakufuta kwa kosa la kazi au utendaji mbovu lazima akueleze sababu kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama pale unaposikilizwa. Wakati huo kila mtu atasoma karatasi, hakuna atakayekumbuka mliongea nini kwa simu. Kwa hivyo hapa usijibu kwa simu tu wala kwa emoji ya dole. Jibu kwa imeili, na wewe weka tarehe: uliagizwa lini, ulifanya nini lini, ni kipi kilikwama na kwa nani. Mkiongea kwa simu, ukimaliza mwandikie laini mbili: tumekubaliana hivi, nitaleta siku fulani, kama nimeelewa vibaya nirekebishe. Asiporekebisha, hiyo laini nayo imeingia kwenye faili, na iko upande wako.