Bareme ya Mbudi: mshahara unagawanywa kwa nini?

Jina Mbudi tunalisikia kila mara sendika za watumishi wa Leta zinapodai mishahara. Februari 2004, wakati wa serikali ya mpito, serikali na sendika walikutana Mbudi, Kinshasa, wakapatana: tarishi apokee dola 208 kwa mwezi, katibu mkuu wa wizara dola 2.080. Mmoja kwa kumi. Bareme ile haikulipwa vile iliandikwa, na mpaka leo sendika zinaikumbusha.

Pengo kama lile linapimwaje? Wenye kuchambua bajeti ya mishahara wako na hesabu mbili. Ya kwanza ni kompa-reshio: unagawanya mshahara wa mtu kwa namba ya katikati ya gradi yake. Ya pili inaitwa penetresheni: inaonyesha mtu amepanda kiasi gani kutoka sakafu ya gradi mpaka dari yake.

Tuchukue mfano wa kujitungia. Agronomu wa mradi hapa Kibumba, kwenye viazi na kabichi, anapokea dola 720. Gradi yake inaanza 600, inaisha 1.000, katikati ni 800.

```
720 / 800 = 0,90
(720 - 600) / (1000 - 600) = 30%
```

Mwenzake wa mradi mwingine naye anapokea 720, katikati ni 800 vilevile, lakini gradi yake ni 700 mpaka 900. Kompa-reshio inabaki 0,90, lakini penetresheni inashuka mpaka 10%: huyu iko karibu kabisa na sakafu. Njo maana hesabu moja haitoshi.

Sasa turudi Mbudi. Pale gradi ikiwa na namba moja tu, bila sakafu na dari, penetresheni haiwezekani. Inabaki ya kwanza, na ile namba moja inachukua nafasi ya katikati. Tuseme tarishi anapokea franka zenye thamani ya dola 52. Ukigawanya kwa 208, unapata 0,25. Lakini kama ofisi ya bajeti inagawanya kwa bareme ambayo Leta inalipa kweli, ni 52 kwa 52, yaani 1,00. Kwenye karatasi, tarishi yuleyule amelipwa sawasawa! Hakuna aliyekosea hesabu. Ni kigawanyo ndicho kimebadilishwa. Tena Mbudi iliandikwa kwa dola na mshahara unalipwa kwa franka: franka ikishuka, reshio inashuka hata kama mshahara haujaguswa.

Kwa hiyo, ukionyeshwa kwamba wafanyakazi wote pamoja wako kwenye 1,00, uliza mambo mawili. Bareme iliyotumika ni ya mwaka gani? Na nani wako chini ya sakafu? Juu ya wastani, wakubwa wawili kwenye 1,20 wanaweza kuficha watu wawili kwenye 0,80.