Kipindi Kilichotulia: Istilahi Inayomfundisha Mpimaji Kusubiri

Mwaka 1959, katika Chuo Kikuu cha Lovanium mjini Léopoldville, ambao leo ni Kinshasa, kiliwashwa kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Kilikuwa kidogo, cha aina ya TRIGA, chenye nguvu ya kilowati 50. Vinu vya aina hiyo hutumika kufundishia, na zoezi moja halikosekani: mwanafunzi anavuta ufito wa kudhibiti juu kidogo, anashika saa, kisha anaeleza kwamba kile kipande cha ufito kina thamani ya senti ngapi. Kulieleza zoezi hilo kwa Kiswahili kunadai istilahi tatu au nne, na moja kati yake ikitafsiriwa vibaya, kipimo chenyewe huharibika.

Tuanze na mizani. Katika kinu, nyutroni hupasua viini vya urani, na kila kiini kinachopasuka hutoa nyutroni mpya. Kizazi kipya kikilingana na kilichotangulia, uwiano wa vizazi, k, ni 1, na nguvu haipandi wala haishuki. Ukivuta ufito, mizani inainama. Kiasi cha kuinama huko huandikwa hivi:

ρ = (k − 1)/k

Neno utendanaji lingefaa kwa jinsi dutu ya kemia inavyokuwa nyepesi kutendana na nyingine, lakini ρ haielezi wepesi wa aina hiyo. Inaeleza mizani imeinama upande gani na kwa kiasi gani. Kwa hiyo hapa naiita mwinamo: mwinamo chanya nguvu inapopanda, mwinamo hasi inaposhuka.

Namba za mwinamo ni ndogo mno kwa mdomo na kwa akili, na hapo ndipo dola inapoingia. Jina hilo lilitoka kwa Louis Slotin, mwanafizikia Mkanada aliyefanya kazi Los Alamos. Msingi wake ni kwamba nyutroni nyingi huzaliwa papo hapo kiini kinapopasuka, lakini chache huchelewa. Hizo hukaa kwanza ndani ya mabaki ya mpasuko, kama bromini-87, ambayo nusu yake huoza kwa sekunde 55 hivi na kuachia baadhi ya nyutroni hizo. Katika urani-235, nyutroni zinazochelewa ni kama 65 katika kila 10,000. Mwinamo unaolingana na fungu hilo la wachelewaji ndio dola moja, na sehemu yake ya mia ni senti. Dola hii haina thamani moja kila mahali. Katika plutoni-239 wachelewaji ni kama 21 tu katika 10,000, kwa hiyo dola ya huko ni theluthi ya dola ya urani. Ukifikia dola moja, nyutroni za papo hapo zinatosha kuuendeleza mnyororo peke yake bila kuwangoja wachelewaji. Ukiwa chini ya dola, wachelewaji ndio wenye hatamu.

Sasa tuchukue senti 10. Katika kinu cha TRIGA, ambapo dola ni kama 0.007, hizo ni 0.0007. Kizazi kimoja cha nyutroni huchukua kama 0.00004 ya sekunde. Kama nyutroni zote zingekuwa za papo hapo, sekunde moja ingetosha kuizidisha nguvu mara mamilioni, na hakuna mkono wa binadamu ambao ungewahi. Wachelewaji wanaubadilisha mwendo wote. Tuseme kinu kimetulia kwenye wati 10, kisha ufito ukavutwa ghafla kwa senti 10. Nguvu inaruka mara moja hadi kama wati 11, kwa sababu nyutroni za papo hapo zimepata nafasi zaidi. Kisha inaanza kupanda polepole. Mwishowe inashika mwendo mmoja: kila baada ya sekunde 98 inazidishwa mara 2.718, yaani inajirudufu kila sekunde 68. Hizo sekunde 98 ndizo ambazo vitabu vya Kiingereza huziita stable period.

Hapo ndipo tafsiri inapokwaa. Ukiandika kipindi thabiti, msomaji ataelewa kwamba kinu kiko thabiti, ilhali nguvu yake inazidi kupanda. Neno kipindi peke yake nalo humpeleka kwenye bembea ya timazi inayokwenda na kurudi, na hapa hakuna kinachorudi. Napendekeza kipindi cha ukuaji kilichotulia. Ngeli inafanya kazi ambayo Kiingereza hakiwezi: kilichotulia kinashika kipindi, wala hakiwezi kushika nguvu au ukuaji. Zaidi ya hapo, kitenzi kutulia kina historia ndani yake. Kilichotulia ni kile ambacho awali hakikuwa kimetulia, kama maji ya mtungini yaliyochotwa yakiwa na tope.

Na tope lipo kweli. Wachelewaji hugawanywa katika makundi sita, kuanzia wanaotoka kwa sehemu ya sekunde hadi wale wa sekunde 55. Ufito unapovutwa, makundi ya haraka yanaitikia kwanza na ya polepole yanafuata. Mara tu baada ya mruko, nguvu hupanda kana kwamba kipindi ni sekunde 22 hivi. Mwanafunzi mwenye pupa akiisoma hiyo na kuitafuta kwenye jedwali, atapata mwinamo wa senti 27 mahali penye 10. Mpimaji makini husubiri kama dakika mbili. Wakati huo nguvu imekaribia wati 45, na yeye anapima muda kutoka wati 50 hadi 100. Akipata t ya sekunde 68:

T = t / 0.693

anapata sekunde 98. Kisha anairudisha kwenye mlinganyo unaounganisha kipindi na mwinamo kwa dola:

ρ = Σ aᵢ / (1 + λᵢT)

Hapa aᵢ ni fungu la kila kundi kati ya wachelewaji wote na λᵢ ni kasi yake ya kuoza. Jumla ya makundi sita inatoa 0.10, yaani senti 10. Uhusiano huu hauendi sambamba: ukiongeza mwinamo hadi senti 20, kipindi hakibaki nusu, kinaanguka hadi kama sekunde 37.

Hesabu yote hii huitwa kinetiki ya nukta, na neno nukta nalo linasema mpaka wake. Inachukulia kwamba kinu chote hupanda na kushuka kwa pamoja kana kwamba ni nukta moja, na hapa tumechukulia pia kwamba mwinamo haubadiliki baada ya ufito kuvutwa. Sharti la pili huvunjwa na joto. Katika TRIGA, kila nyuzi moja ya joto katika fueli hupunguza senti moja au zaidi kidogo. Kwa wati 100 fueli haijapata joto la maana, lakini kinu kikiachwa kifike kilowati kadhaa, zile senti 10 zinaanza kuliwa na kipindi kinarefuka.

Namna ya kugundua ni rahisi. Chora nguvu kwenye mhimili wa logi dhidi ya muda. Mwanzoni mchoro una mteremko mkali unaolegea: hapo kipindi hakijatulia. Kisha unakuja mstari ulionyooka: hapo ndipo pa kupimia. Mstari ukianza kuinama chini tena, joto limekwisha kuingia. Kipimo sahihi kipo katikati, baada ya kutulia na kabla ya joto, na mtu aliyefundishwa kwa neno kilichotulia ameshaambiwa nusu ya kwanza ya kanuni hiyo kabla hajashika saa.