Jaribio Mahali Penye Ugumu: Chanjo ya Kichaa cha Mbwa Ngorongoro na Kanuni Zitangulizwazo

Msafiri atokaye Karatu mjini kupanda kuelekea lango la Loduare hupita, kwa mwendo wa muda mfupi tu, kutoka nchi ya Wairaqw, ambao nyumba zao zimesimama katikati ya mashamba na mbwa wao hulala uani, hadi nchi ya Wamaasai, ambako maboma hukaa mbalimbali na mbwa hushinda machungani pamoja na ng'ombe. Tofauti hiyo, ambayo mtalii huidhani kuwa ni mandhari tu, ina hoja nzito ndani yake kwa kila mwenye kupanga mradi. Hoja yangu ni kwamba jaribio dogo halina thamani ila likifanywa mahali linapoweza kushindwa, na ila iwe imekwisha kuandikwa, kabla ya matokeo kujulikana, ni lipi litakaloitwa kushindwa.

Kichaa cha mbwa katika nyika za Serengeti na Ngorongoro kiliwadhuru watu, mifugo na wanyama wa mwituni kwa pamoja. Mbwa mwitu wa Serengeti walitoweka mnamo 1991, na miongoni mwao ugonjwa huo ulikuwa umethibitishwa. Mwaka 1996 Sarah Cleaveland na wenzake walianza kuchanja mbwa wa vijijini katika Wilaya ya Serengeti. Hawakutaka kuchanja tu. Walitaka kujua kama kuchanja kunafaa, na kwa sababu hiyo waliilinganisha na Wilaya ya Musoma, ambayo haikuchanjwa. Ulinganisho huo ndio moyo wa jambo lenyewe, kwani kichaa cha mbwa hupanda na kushuka chenyewe kwa miaka, na mtu aliyechanja wakati kinashuka angejipatia sifa asiyostahili. Matokeo, yaliyochapishwa 2003, yalikuwa dhahiri: palipochanjwa mbwa asilimia 60 hadi 70, ugonjwa ulipungua kwa asilimia 70 baada ya kampeni ya kwanza na kwa 97 baada ya ya pili, na watu waliofika hospitali kutafuta tiba baada ya kuumwa na mbwa walipungua pia, ilhali Musoma hapakuonekana badiliko kama hilo.

Mtu mwenye haraka angesema hapo kwamba kazi imekwisha, na kinachobaki ni kueneza: kijiji kimoja, kituo kimoja chini ya mti, siku moja, na tangazo la kuwataka watu walete mbwa. Magai Kaare na wenzake hawakuridhika. Waliujaribu utaratibu huo kwa wakulima wenye mifugo na kwa wafugaji wa kuhamahama kwa pamoja, na katika taarifa yao ya 2009 ilidhihirika kwamba kituo kilitosha kwa wakulima, ambao walivuka asilimia 70, lakini kwa wafugaji hakikufikia hata robo ya mbwa. Sababu si ukaidi. Umbali ni mrefu. Mwenye mbwa yuko malishoni. Na mbwa wa boma, ambaye hajapata kufungwa kamba maishani mwake, hakubali kuvutwa kilomita kadhaa na mtoto wa miaka 10. Ilibidi wachanjaji waongeze kwenda boma kwa boma, au wawatumie wahudumu wa afya ya mifugo waliotoka katika jamii zenyewe, na kwa njia hizo asilimia 70 ikapatikana, ingawa gharama ya kila mbwa ilizidi maradufu ile ya kituo. Lau jaribio lingefanywa kwa wakulima peke yao, bajeti ya uenezaji ingeandikwa kwa bei ya kituo, nayo ingeishia njiani mara tu magari yapandapo nyanda za juu.

Sasa tuitazame hiyo 70, kwa kuwa kipimo kisichojulikana kilikotoka hupunguzwa na kila mkubwa anayekutana nacho. Utafiti wa Katie Hampson na wenzake, uliofuatilia visa katika Serengeti na Ngorongoro tangu 2002, ulionyesha kwamba mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza wastani wa mbwa zaidi kidogo ya mmoja. Hata tukijihadhari na kukadiria mmoja na nusu, ugonjwa ungekatika ikiwa theluthi moja tu ya mbwa wana kinga. Kwa nini basi tudai 70? Kwa sababu mbwa wa vijijini hawaishi sana. Tukichukulia, kwa mfano, kwamba katika mwaka mmoja mbwa wawili kati ya kila watano hufa na mahali pao huchukuliwa na watoto wasiochanjwa, kijiji kilichoanza na 70 kitamaliza mwaka kikiwa na 42, bado juu ya theluthi. Kilichoanza na 50 kitakuwa na 30, nacho kimekwisha kuwa wazi kabla wachanjaji hawajarudi. Kwa hiyo 50 si kufaulu nusu nusu, ni kushindwa kulikocheleweshwa kwa miezi kadhaa, na kanuni ya uamuzi lazima iseme hivyo waziwazi.

Tena lazima iseme inahesabu wapi. Wilaya ikipata wastani wa 70 kwa sababu vijiji vya barabarani vimepata 90 na vya bondeni 30, wastani huo hauna faida, kwa maana kichaa hakisomi takwimu za wilaya; hukaa bondeni na kungoja. Kipimo kiwe cha kijiji, na ikiwezekana cha kitongoji. Aidha, kisihesabiwe kwa chupa za dawa zilizotumika. Chupa ya dozi 10 ikifunguliwa jioni kwa mbwa sita, nne humwagwa, na katika daftari la stoo zote 10 huonekana kuwa chanjo. Njia iliyo rahisi na ya kuaminika ni kumvika kila mbwa aliyechanjwa ukanda wa shingoni, kisha mtu mwingine, asiye mchanjaji, apite kijijini siku chache baadaye akihesabu wenye ukanda na wasio nao.

Hapa ndipo wengi hujidanganya. Mkaguzi aliyeona mbwa 40, na 28 wana ukanda, amepata 70 kamili, walakini kwa idadi ndogo hiyo ukweli waweza kuwa popote kati ya 55 na 82. Kwa hiyo kanuni ya mlango mmoja, ya kupita au kutopita, haifai. Ningependekeza, kwa mfano, milango mitatu: wenye ukanda wakiwa chini ya 24, timu irudi kijijini kabla haijaondoka wilayani, wakizidi 32, kijiji kikubaliwe, wakiwa katikati, wahesabiwe mbwa wengine 40. Na haya yaandikwe na kutiwa sahihi kabla gari halijatoka Karatu, kwa kuwa baada ya matokeo kila mtu hupata udhuru wa kushusha kizingiti: mvua, msiba, mnada.

Kanuni inayosahauliwa zaidi ni ile ya kusimama. Baada ya majaribio ya kaskazini, kuanzia 2010 Shirika la Afya Duniani lilisaidia kuchanja katika wilaya 28 za kusini mwa Tanzania na Pemba. Pemba, ikiwa kisiwa chenye bahari pande zote, ilifaulu mapema: visa vilikoma mwaka 2014. Mwaka 2016 vikarejea, kwa kuwa bahari haizuii mbwa aliyepakiwa chomboni akiwa na ugonjwa bado haujadhihirika, na ikabidi kuchanja tena hadi ugonjwa ukakatwa upya. Mpango wa Ngorongoro, ambayo haina bahari wala ukuta na mifugo yake huvuka wilaya na mpaka wa Kenya kila kiangazi, hauwezi kuandika kwamba kampeni ikome visa vikifika sifuri. Lazima uandike ni miaka mingapi ya sifuri inayotakiwa, ni sampuli ngapi za vichwa vya mbwa zitakazokuwa zimefika maabara katika miaka hiyo, na ni vijiji gani vya mpakani vitakavyoendelea kuchanjwa hata hapo.