Makutano ya Utambulisho

Makutano ya utambulisho ni dhana inayoeleza jinsi jinsia, tabaka na asili ya mtu zinavyoungana na kuzaa ubaguzi usioonekana kila kigezo kinapotazamwa peke yake. Mwanasheria Mmarekani Kimberlé Crenshaw aliipa dhana hiyo jina mwaka 1989, akichambua kesi iliyoamuliwa mwaka 1976, ambamo wanawake watano weusi waliishtaki kampuni ya magari ya General Motors. Kwa kuwa kampuni hiyo haikuwa imeajiri wanawake weusi kabla ya 1964, ilipopunguza wafanyakazi kwa kuanza na walioajiriwa mwisho, wao hawakusalimika. Mahakama ilikataa kuunganisha rangi na jinsia katika dai moja, ikashikilia kwamba wanawake walikuwa wameajiriwa, ingawa hao walikuwa weupe.

Insha kuhusu kesi hii yafaa ianze na hoja kwamba kanuni ya ukongwe kazini, ijapokuwa ilionekana sawa kwa wote, iliendeleza ubaguzi wa zamani. Aya ya pili ieleze historia ya ajira katika kampuni hiyo. Ya tatu, inayostahili nafasi kubwa kuliko zote, iwalinganishe wanawake weusi na wanawake weupe, kisha na wanaume weusi. Na ya nne ioneshe tabaka, yaani maana ya kupoteza ujira wa kiwandani kwa asiye na akiba. Mwandishi anayetenga aya moja ya jinsia, nyingine ya tabaka na nyingine ya asili anarudia kosa lile lile la mahakama.